Mwizi wa maembe na mwizi wa bustani: Wabuddha, Wazungu na swali la "mimi"

Mtu amekamatwa na maembe ya wenyewe. Anafikishwa mbele ya mfalme, na badala ya kuomba msamaha anatoa hoja: "Maembe aliyoyapanda huyu mzee ni mengine, na niliyoyachuma mimi ni mengine. Ya kwake aliyafukia ardhini. Sina kosa."

Kisa hiki kimo katika Maswali ya Milinda, kitabu cha Kipali kinachosimulia majadiliano ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda. Milinda huyo ndiye Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India ya kale katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Nikikisimulia darasani hapa Goma, wanafunzi wa mwaka wa sita hucheka wote, kisha mmoja huacha kucheka kabla ya wenzake. "Lakini Mwalimu, hajadanganya!"

Kweli, hajadanganya. Embe lililofukiwa lilishaoza. Likatoa mche, mche ukawa mti, mti ukachanua, na tunda lililokutwa mkononi mwa mwizi halina hata unyuzi mmoja wa lile la kwanza. (Hapa kwetu maembe mengi yanatoka mbali, upande wa Uvira, kwa hiyo anayetaka aweke avoka mahali pa embe. Hoja haibadiliki.) Alichokisema mwizi ni sahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba kikiwa sahihi, basi hana hatia.

Nagasena anamuuliza mfalme: je, mtu huyu anastahili adhabu? Mfalme anajibu bila kusita kwamba anastahili, kwa sababu maembe ya mwisho yametokana na yale ya kwanza. Hilo ndilo jibu ambalo mtawa alikuwa analisubiri, maana mfalme alikuwa ametoka kumbana na swali gumu. Ninyi Wabuddha mnasema hakuna nafsi inayohama kutoka mwili huu kwenda mwingine. Basi aliyetenda ovu si ameponyoka? Nani atalilipia? Nagasena anamrudishia jibu kwa mdomo wa mfalme mwenyewe: anayelipa si kitu kilekile kilichotenda, na bado deni ni halali, kwa sababu huyu ametokana na yule.

Fundisho hilo Wabuddha huliita anatta, yaani kutokuwepo kwa nafsi. Watu wengi hulikosea mlangoni kabisa. Wanasikia "hakuna nafsi" na kuelewa "wewe hupo", halafu wanalitupa kama wazimu wa Waasia. Mfalme Milinda naye alianza na kosa hilohilo. Nagasena alipojitambulisha alisema kwamba watu humwita Nagasena, lakini hilo ni jina tu, hakuna nafsi inayopatikana ndani yake. Mfalme akamrukia: kama hayupo mtu, nani anayepokea hayo mavazi ya utawa unayopewa? Nani anayefuata maadili? Na mtu akikuua, kumbe hajaua yeyote?

Mtawa akamuuliza alikuja kwa miguu au kwa gari la farasi. Kwa gari. Haya, gari ni lipi? Ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Ni vyote vikiwa vimerundikwa chini? Au ni kitu kingine kando ya hivyo? Kila mara mfalme alijibu hapana. Basi umesema uongo, mfalme, hakuna gari. Mfalme akajitetea kwamba hajasema uongo, maana "gari" ni jina linalotumika kwa kutegemea sehemu hizo zilivyounganishwa. Nagasena akakubali papo hapo: sasa umeelewa, na jina langu mimi ni vivyo hivyo.

Sisi hatuhitaji gari la mfalme, tuna chukudu. Ifungue: usukani, mapine mawili ya mbao yaliyovikwa mpira, ubao wa kubebea mzigo, kipande cha mpira ambapo dereva anapiga goti. Chukudu iko wapi? Haimo katika kipande chochote, wala haikujificha nyuma ya vipande. Hata hivyo asubuhi inateremka na magunia ya viazi na makaa kuelekea sokoni, na ikikugonga utaumia. Hakuna aliyesema chukudu haipo. Kilichokanwa ni kitu cha ziada, yaani chukudu yenyewe iliyokaa ndani ya vipande ikivimiliki.

Kwa mtu, vipande hivyo Wabuddha wanavipanga katika mafungu matano: mwili, hisi za raha na maumivu, utambuzi wa vitu, misukumo ya nia na mazoea, na ufahamu. Angalia Kiswahili chetu kinavyoweka mtego hapo. Tunasema mkono wangu, mwili wangu, akili yangu, nia yangu, hata roho yangu. Kila kitu ni changu, basi mwenye navyo amebaki wapi? Lugha inatuonyesha mwenye duka ambaye hatujawahi kumkuta dukani. Katika hotuba inayohesabiwa kuwa ya pili, kwa wafuasi watano karibu na mji wa Varanasi, Buddha anapitia mafungu hayo moja baada ya jingine na kila mara anafunga kwa maneno haya: hiki si changu, hiki si mimi, hiki si nafsi yangu.

Hoja yake ya kwanza pale si ile ya vipande, na ningependa isipitwe haraka. Anasema hivi: mwili ungekuwa nafsi, usingekuletea mateso, na ungeweza kuuamuru, "mwili wangu uwe hivi, usiwe vile." Anayejua malaria anaijua hoja hii. Unatetemeka chini ya blanketi mbili na amri yako haisikilizwi. Hata akili ni hivyo. Jaribu kuiamuru usiku isifikirie deni la kodi ya nyumba. Wanafikra wengine wa India ya wakati ule walifundisha atman, nafsi ya ndani isiyobadilika, bwana wa mwili na akili. Buddha anamtafuta bwana huyo kwa kipimo cha utawala wake, na katika mafungu yote matano hampati anayetawala.

Sasa twende Ulaya, kwa mwizi wa pili.

Mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya mwanadamu, Mwingereza John Locke aliongeza sura juu ya swali hili. Alitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna binadamu, yaani mwili hai unaoendelea kuishi, kama mti unavyobaki mti uleule ijapokuwa majani yanapukutika. Na kuna yule nitakayemwita mhusika, anayeweza kuitwa barazani ajibu kwa alichokifanya. Locke mwenyewe alisema neno hilo ni la mambo ya sheria. Kwake, kinachomfanya mhusika wa leo awe yuleyule wa jana si mwili, wala si roho kama dutu, ila ufahamu: kadiri ufahamu wako unavyoweza kurudi nyuma na kulishika tendo kuwa lako, ndivyo wewe unavyorudi nyuma. Roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, wa kushitakiwa kwa makosa ya yule mwana wa mfalme ni huyu mwenye mwili wa fundi.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1785, Mskoti Thomas Reid akamletea mwizi. Mvulana wa shule anachapwa viboko kwa kuiba katika bustani ya matunda. Anakua, anakuwa afisa, na katika vita yake ya kwanza anaiteka bendera ya adui. Mwishoni anakuwa jenerali. Alipoiteka bendera, afisa alikumbuka zile fimbo. Jenerali anakumbuka kuiteka bendera, lakini fimbo amezisahau kabisa.

Fuata hesabu polepole. Kwa kipimo cha Locke, afisa ni mvulana yuleyule, kwa kuwa anakumbuka. Jenerali ni afisa yuleyule, kwa kuwa naye anakumbuka. Kama wa tatu ni sawa na wa pili, na wa pili ni sawa na wa kwanza, basi wa tatu ni sawa na wa kwanza. Lakini kwa kipimo hichohicho jenerali si mvulana, maana hakumbuki. Kwa hiyo jenerali ni yule mvulana na wakati huohuo siye. Kipimo kimejivunja chenyewe.

Waliotaka kumwokoa Locke walipata dawa iliyo rahisi. Isidaiwe kwamba jenerali amkumbuke mvulana moja kwa moja. Inatosha kuwe na mnyororo: anakumbuka siku ambayo yeye wa siku ile alikumbuka siku nyingine, na kuendelea hivyo mpaka bustanini. Dawa inafanya kazi. Lakini tazama imetufikisha wapi. Tulianza kutafuta kitu kimoja kinachobaki tangu utoto mpaka uzee, tukaishia na pete zilizoshikana bila uzi unaozipitia zote. Nagasena angeitambua nyumba hiyo.

Yeye alikuwa na taa. Mtu anawasha taa jioni, inawaka usiku kucha. Mwali wa zamu ya kwanza ya usiku ndio mwali wa zamu ya mwisho? Hapana. Basi ni taa nyingine? Nayo hapana, mwanga umetoka kwenye taa hiyohiyo usiku mzima. Kuhusu mtoto na mtu mzima jibu lake ni lilelile: si yuleyule, wala si mwingine.

Hapo wanafunzi wangu hulalamika kwamba huko ni kukwepa swali. Nilidhani hivyo nami, mpaka niliposoma kisa cha mahari katika kitabu hichohicho. Mwanamume anamchumbia msichana mdogo, anatoa mahari, anasafiri. Miaka inapita, msichana anakuwa mwanamke. Anakuja mwanamume wa pili, anatoa mahari yake, anamwoa. Wa kwanza anarudi na kudai: umenichukulia mke! Wa pili anamjibu: yule mtoto uliyemtolea mahari ni mwingine, huyu mkubwa niliyemwoa ni mwingine.

Kuposa mtoto tukuweke pembeni, hizo ni desturi za kale na leo ni kosa. Lakini hesabu ya kesi yenyewe hakuna haja ya kuifafanulia familia yoyote ya Kivu iliyowahi kukaa na wakwe kuhesabu mbuzi. Wazee wangemcheka mwanamume wa pili. Wasingemcheka kwa kuwa wamechunguza na kukuta ndani ya mwanamke punje fulani iliyokuwamo ndani ya mtoto. Wangemcheka kwa sababu huyu mkubwa amekua kutoka kwa yule mdogo, basi. "Si yuleyule" inajibu swali la kama kuna punje iliyobaki bila kubadilika. "Wala si mwingine" inajibu swali la baraza: je, madai yanaendelea? Nagasena anakataa kujibu maswali mawili kwa neno moja, na aliyedai ndiyo au hapana ndiye aliyekuwa ameyafunga pamoja.

Hii ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kati ya pande mbili, zaidi ya ile inayosemwa mara nyingi kwamba Magharibi wanaamini nafsi na Wabuddha hawaamini. Mskoti David Hume hakuamini, na alilichapisha hilo mwaka 1739. Alisema kila anapojitazama kwa ndani hukuta joto au baridi, mapenzi au chuki, maumivu au raha, lakini kamwe hajikuti yeye mwenyewe bila kitu cha namna hiyo. Mtu, kwake, ni furushi la hisia zinazopokezana kwa kasi. Ukimweka Hume karibu na mafungu matano utadhani wamesoma shule moja. Kisha mwaka 1740 aliongeza kiambatisho akikiri kwamba maelezo yake hayamridhishi, kwa kuwa haoni ni kitu gani kinachozifunga hisia hizo pamoja. Na mashaka ya falsafa yake kwa jumla yalipomlemea, aliandika kwamba aliponea kwa kula chakula na kucheza bao la Kizungu na marafiki zake. Kwa mtawa, hapo ndipo kazi inapoanza. Kujua kwamba "hiki si changu" si kuimaliza hesabu, ni zoezi la kila siku, kwa sababu uchungu mwingi unazaliwa pale tunapokumbatia kitu na kusema ni mimi. Mmoja alitafuta maelezo yakamshinda, mwingine alikuwa anatafuta tiba.

Tiba hiyo ina madhara yake, nisiwafiche. Kama mnyororo wa sababu ndio unaobeba deni, mnyororo huo unaishia wapi? Ninapofundisha, maneno yangu yanasababisha mawazo katika kichwa cha mwanafunzi. Mwanafunzi ametokana na mimi, kwa namna fulani. Mbona basi hakumbuki utoto wangu, na mbona hakamatwi kwa madeni yangu? Vasubandhu, mwanazuoni wa Kibuddha wa karne ya 4 au ya 5, alilikabili swali la kumbukumbu. Jibu lake ni kwamba si kila kusababisha kunatosha. Tunda halitoki kwenye mbegu kwa mkupuo. Mbegu inatoa chipukizi, chipukizi linatoa majani, mpaka ua, mpaka tunda, kila hatua ikiiachia nguvu yake hatua inayofuata. Mawazo yangu na ya mwanafunzi hayamo katika mfululizo wa namna hiyo, kwa hiyo yeye hakumbuki nilichokiona mimi.

Jibu ni zuri, lakini linaacha ufa: tunaujuaje mfululizo mmoja, kabla ya kujua mtu mmoja? Hata ndani ya Ubuddha kulikuwa na madhehebu, yale yaliyoitwa ya wenye kumkubali mtu, waliosema lazima kuwe na mtu ambaye si mafungu matano wala si kitu kilicho mbali nayo, kama moto usivyo kuni na usivyoweza kuwako bila kuni. Vasubandhu aliwakemea vikali. Mimi nawaonea huruma kidogo.

Na ufa huo ndio alioupanua Derek Parfit wa Oxford mwaka 1984. Tuseme ubongo wa mtu unagawanywa sehemu mbili, kila nusu inawekwa katika mwili wake, na wote wawili wanaamka wakiwa na kumbukumbu, tabia na mipango ya yule wa kwanza. Yeye amekuwa yupi? Hawezi kuwa wote wawili, maana wawili si mmoja, na hakuna sababu ya kuwa huyu badala ya yule. Parfit akasema swali hilo ni tupu. Kinachofaa kujaliwa ni mwendelezo wa akili, nao upo mara mbili. Aliona kwamba Buddha angekubaliana naye, akaliandika hilo katika kitabu chake.

Kwa lugha ya maembe hili si la ajabu sana. Wakulima wanajua kwamba kokwa moja la embe, kwa aina fulani, hutoa miche miwili au zaidi. Mwenye shamba ana haki juu ya matunda ya miche yote. Lakini geuza kesi: kabla ya kugawanywa, mtu yule alikuwa anadaiwa dola 300 katika likilimba ya mtaa wake. Sasa kila mmoja wa wale wawili alipe 300? Au 150 kila mmoja? Mnyororo wa sababu hausemi. Nadhani Nagasena angesema hilo ni la mama mweka hazina na wanachama wake kuamua, kwa kuwa "mtu" ni neno la matumizi kama "chukudu", na wanaolitumia ndio wenye kupanga mipaka yake. Locke asingeridhika. Yeye alikubali kwamba mahakama za duniani humwadhibu mlevi kwa asichokikumbuka, kwa vile haziwezi kupima kama kweli amesahau, lakini alisubiri siku kuu ambapo siri za mioyo zitafunuliwa na hakuna atakayejibu kwa asichokijua. Mtu aliyetegemea hukumu ya namna hiyo anahitaji mhusika mmoja asiyegawanyika.

Nilipomaliza somo hili safari iliyopita, binti aliyekaa nyuma, ambaye nyumbani kwao wanatengeneza chukudu, aliinua mkono. Alisema wateja huleta chukudu iliyobadilishwa mapine, ubao, hata usukani, na bado huapa: "Hii njo ileile." Baba yake habishani nao, anatengeneza tu. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Tumemjadili mwizi kwa saa nzima, alivyobadilika na alivyobaki. "Na mwenye maembe je, Mwalimu? Yeye pia si yule aliyepanda. Kwa nini yeye ndiye alipwe?"

Darasa likamgeukia. Nikasema kwamba kama hatia ya mwizi inateremka kutoka kwa yule aliyechuma, basi na haki ya mzee inateremka kutoka kwa yule aliyepanda. Mwizi akisema yeye si yule, anaondoa na mlango wa kumwambia mzee "wewe si yule." Akafikiri, akasema sawa. Lakini akaongeza kwamba kama mzee amekufa, na watoto wake wametokana naye kwa mnyororo mrefu zaidi, wao pia watadai. Kengele ikalia wakati wale wa mstari wa mbele wameshaanza kubishana ni mtoto yupi mwenye haki, wa kwanza au wote.